Ziara Zimeongezeka Maradufu, Maombi Yako Wapi?

Mwanzoni mwa Julai, kampuni ndogo ya Moshi inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro inafungua ripoti ya tovuti yake. Tarakimu tatu za juu hazipatani. Ziara zimepanda kutoka 3,000 za Mei hadi 6,000 za Juni. Kiwango cha wanaoondoka mapema nacho kimepanda, kutoka asilimia 45 hadi 61. Na katika kila ziara 100, zile zinazoishia kwa mgeni kutuma ombi la bei zimeshuka kutoka 2.5 hadi 1.4. Mwenye kampuni akiishia kwenye tarakimu ya kwanza, ataongeza bajeti ya matangazo siku hiyohiyo. Akiishia kwenye ya tatu, atamtafuta fundi mwingine wa tovuti.

Kampuni hii ni ya mfano na hesabu zake zimetungwa ili zifuatike kwa urahisi, lakini mkanganyiko wenyewe ni wa kila siku kwa wenye tovuti wanaoletewa ripoti mwishoni mwa mwezi. Karibu kila mara unatokana na jambo moja: kusoma jumla ya tovuti nzima kana kwamba wageni wote walikuja kwa shida moja na kupitia mlango mmoja.

Ripoti nyingi za aina hii hutoka Google Analytics. Google iliinunua kampuni iitwayo Urchin mwaka 2005, na mwaka huohuo ikaanza kutoa huduma ya kupima tovuti bila malipo. Toleo linalotumika sasa ni Google Analytics 4, kwa kifupi GA4. Toleo lililotangulia liliacha kupokea takwimu mpya za tovuti za kawaida tarehe 1 Julai 2023. Tarehe hiyo ina uzito kwa msomaji wa ripoti, na sababu itaonekana punde.

Neno la kwanza linalosomeka kwenye skrini ni Sessions, yaani ziara. Ziara si mtu. Huanza mgeni anapofungua ukurasa wowote wa tovuti na huendelea maadamu anafanya jambo humo. Akikaa dakika 30 bila kufanya lolote, ziara inahesabika kuwa imekwisha, na akirudi baada ya hapo anafungua nyingine. Mmarekani anayepanga kupanda Kilimanjaro anaweza kusoma kuhusu njia ya Machame asubuhi akiwa kwenye treni, akarudi mchana kulinganisha na Lemosho kwa kompyuta ya ofisini, kisha jioni akamwonyesha mwenzake bei. Hizo ni ziara tatu. Tena, kwa kuwa simu na kompyuta hutambuliwa kwa alama tofauti, ripoti inaweza kumhesabu kama watu wawili. Bidhaa ya maelfu ya dola hainunuliwi kwa kikao kimoja, kwa hiyo kwa kampuni kama hii ziara nyingi zisizo na ombi ni hali ya kawaida. Duka la vocha likiwa na uwiano huohuo lingekuwa na tatizo.

Tarakimu ya pili, Bounce rate, ndiyo inayowatisha watu kupita zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya kupita zote. Katika toleo la zamani, mgeni aliyefungua ukurasa mmoja na kuondoka bila kubonyeza kitu kilichopimwa alihesabika kuwa ameondoka mapema, hata kama alikaa dakika 8 akisoma makala kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Tovuti za habari na za mapishi zilionewa sana na hesabu hiyo. GA4 imekuja na kipimo kingine. Ziara huhesabika kuwa ya maana ikitimiza walau sharti moja kati ya matatu: idumu zaidi ya sekunde 10 ukurasa ukiwa mbele ya macho, ifungue kurasa mbili au zaidi, au izae tendo ambalo mwenye tovuti amelitaja kuwa muhimu. Ziara isiyotimiza hata moja ndiyo inayoingia kwenye kiwango cha kuondoka mapema.

Kwa hiyo mtu anayeweka asilimia 70 ya mwaka 2022 kutoka toleo la zamani karibu na asilimia 45 ya leo na kutangaza maendeleo analinganisha vipimo viwili tofauti. Vilevile, tarakimu hii haionekani yenyewe katika ripoti za kawaida za GA4. Mwenye ruhusa ya kuhariri huiongeza kwenye jedwali kwa mkono. Ukitumiwa picha ya ripoti yenye tarakimu hiyo, fahamu kwamba kuna mtu aliyeamua iwepo.

Ya tatu ni tendo lengwa, lile jambo ambalo tovuti ilijengwa ili mgeni alifanye: kununua, kujiandikisha, kupiga simu, au kwa kampuni ya Moshi, kutuma ombi la bei. Tangu Machi 2024 Google imekuwa ikiyaita matendo haya Key events ndani ya ripoti, na neno Conversions imelibakiza kwa upande wa matangazo ya kulipia. Jina si hoja. Hoja ni kwamba mashine haijui lipi ni muhimu mpaka iambiwe, na inapoambiwa huanza kuhesabu kuanzia siku hiyo bila kurudi nyuma. Tovuti iliyokaa mwaka mzima bila kutaja tendo lengwa inaweza kuwa na ripoti ndefu ya ziara na isijue hata siku moja kama ilifanya kazi.

Namna salama ya kuhesabu ombi ni kuwa na ukurasa wa shukrani unaofunguka baada ya fomu kupokelewa tu, kisha kuifanya kila ziara inayofika hapo ihesabike mara moja. GA4 ina tukio lake la kutuma fomu, `form_submit`, linalokuja lenyewe, na wengi hulichukua kwa sababu halina kazi. Lakini katika baadhi ya tovuti tukio hilo hujihesabu hata pale fomu ilipokataliwa kwa kukosa sehemu moja, au hukusanya pia kisanduku cha kutafutia. Mwenye ripoti anaona maombi 200 huku barua pepe zikiwa 60. Ukurasa wa shukrani hauna utata huo.

Tukirudi Moshi, hatua ya kwanza ya kusuluhisha zile tarakimu tatu ni kufungua ripoti ya Landing page, inayoonyesha ukurasa ambao kila ziara ilianzia. Hapo kitendawili kinateguka. Mwishoni mwa Mei fundi alichapisha makala ndefu kuhusu vifaa vya kubeba mlimani: koti la mvua, soksi za sufi, taa ya kichwa kwa usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Makala ikapendwa na injini za utafutaji. Mwezi Juni peke yake ilianzisha ziara 2,900, na asilimia 78 kati yake ziliondoka mapema. Zilizozaa ombi ni 6.

Kurasa za zamani, yaani zile za njia za kupandia na bei, zilianzisha ziara 3,100, mia moja tu zaidi ya Mei. Kiwango chao cha kuondoka mapema ni asilimia 45 kama mwezi uliotangulia. Maombi yaliyotoka huko ni 78. Ukigawa 78 kwa 3,100 unapata asilimia 2.5, ileile ya Mei, wakati ziara 3,000 zilizaa maombi 75.

Hakuna kilichoharibika. Kundi jipya la wageni limemwagwa juu ya kundi la zamani, na wastani ukayumba. Wanaotafuta orodha ya vifaa wengi wamekwisha kulipia safari kwa kampuni nyingine. Wanataka kujua kama glovu moja inatosha, wanapata jibu, wanafunga. Makala imetimiza kazi yake kwao. Kumwambia fundi aifute ili kiwango kishuke kungeirembesha ripoti na kuipotezea kampuni maombi 6. Kwa upande mwingine, ofisi ikisherehekea ziara 6,000 itakuwa inasherehekea wasomaji wa soksi.

Kanuni inayotoka hapa inafaa kwa ripoti yoyote: wastani ukibadilika ghafla, kwanza tazama kama kila kundi limebadilika, au ni mchanganyiko wa makundi tu. Gawanya kwa ukurasa wa kuanzia. Kisha gawanya kwa chanzo, katika ripoti ya Traffic acquisition, inayotenganisha waliotoka kwenye utafutaji, mitandao ya kijamii, barua pepe na matangazo. Kisha kwa kifaa. Migawo mitatu hiyo hujibu maswali mengi, na ule wa kifaa ndio uliofichua tatizo halisi la kampuni ya Moshi, tatizo ambalo lilikuwepo Mei na pengine miezi mingi kabla yake, bila kutikisa tarakimu yoyote ya juu.

Kati ya zile ziara 3,100 za kurasa za njia na bei, 2,000 zilifanyika kwa simu na 1,100 kwa kompyuta. Maombi kutoka kwenye simu ni 26. Kutoka kwenye kompyuta ni 52. Tofauti hiyo peke yake haithibitishi kosa, maana watu wengi huchungulia kwa simu na kukamilisha kwa kompyuta wakiwa wametulia. Kinachothibitisha ni hatua ya katikati. GA4 huandika tukio liitwalo `form_start` mgeni anapogusa fomu kwa mara ya kwanza katika ziara. Kwenye kompyuta fomu iliguswa katika ziara 130 na ziara 52 zikafika ukurasa wa shukrani: 40 katika kila 100. Kwenye simu iliguswa katika ziara 240, zikafika 26: kama 11 katika kila 100.

Hawa si wachunguliaji. Ni watu walioanza kuandika majina yao. Ripoti inaishia hapo. Haiwezi kusema kilichowazuia. Mtu anapaswa kuchukua simu, aifungue fomu na kuijaza kama mgeni wa Ujerumani angeijaza. Anagundua kwamba kwenye skrini ndogo kisanduku cha namba ya simu kimetanguliziwa +255 na kinakubali tarakimu 9 tu. Kwenye kompyuta kisanduku hicho kina orodha ya nchi. Kwenye simu orodha imejificha. Namba ya Ujerumani haiingii, ujumbe mwekundu unatokea chini ya kibodi usikoonekana, na mgeni anabonyeza kitufe cha kutuma mara mbili tatu kisha anaondoka. Marekebisho yake ni kazi ya nusu saa. Hata kama baada ya hapo ni mtu mmoja tu kati ya wanne atakayekamilisha kwa simu, maombi ya simu yatafika 60 badala ya 26, bila mgeni mmoja wa ziada kuletwa kwenye tovuti.

Kabla ya kuamini mabadiliko yoyote, ukubwa wa hesabu lazima upimwe. Maombi yote ya kampuni yalitoka 75 ya Mei hadi 84 ya Juni. Je, hilo ni ongezeko? Kwa matukio yanayokuja kwa bahati, moja moja, kipeuo cha pili cha idadi hutoa kadirio zuri la mtikisiko wa kawaida. Kipeuo cha 75 ni karibu 9. Maana yake mwezi mmoja ukiwa na 84 na mwingine 66, hakuna aliyefanya vizuri wala vibaya. Na miezi miwili inapolinganishwa mtikisiko ni mkubwa zaidi, kwa sababu yote miwili inatikisika. Juu ya hapo kuna msimu. Wanaopanda Kilimanjaro huja zaidi miezi ya ukame, Januari hadi Machi na Juni hadi Oktoba, na maombi hutangulia safari, kwa hiyo Juni inalinganishwa kwa haki na Juni ya mwaka uliopita kuliko na Mei. Tofauti ya 40 dhidi ya 11 kwenye fomu, kwa hesabu zilezile, haiwezi kuwa bahati.

Mfano unaoonyesha nguvu ya hesabu kubwa ni wa kampeni ya Barack Obama, Desemba 2007. Dan Siroker, aliyesimamia takwimu za kampeni hiyo, na wenzake walitaka watu wengi zaidi wanaofungua ukurasa wa kwanza waache barua pepe zao. Walitayarisha maneno manne ya kitufe na picha au video sita, jumla michanganyiko 24, na kila mgeni akaonyeshwa mmoja kwa bahati nasibu. Ndani ya kampeni wengi waliipenda video moja kuliko vingine vyote. Matokeo yakaonyesha kwamba video zote zilishindwa na picha zote. Ukurasa wa awali ulikuwa ukipata barua pepe kwa asilimia 8.26 ya wageni; mchanganyiko ulioshinda, wenye picha ya familia ya Obama na kitufe kilichosema “Learn More”, ulipata asilimia 11.6.

Lakini jaribio lile lilipitiwa na wageni zaidi ya 310,000, yaani kama 13,000 kwa kila mchanganyiko. Kampuni yenye ziara 3,000 kwa mwezi ikigawa wageni wake mafungu 24 itabaki na ziara 125 kwa fungu na maombi matatu hivi. Hapo mshindi atateuliwa na bahati. Tovuti ndogo inafaidika zaidi kwa kutafuta kilichovunjika, kama kile kisanduku cha simu, kuliko kwa kubishania rangi ya kitufe.

Zipo pia hitilafu zinazoharibu ripoti yenyewe, na kila moja ina dalili yake. Iliyo rahisi kuitambua ni kiwango cha kuondoka mapema kinachoporomoka ghafla hadi asilimia 2 au 3. Mwenye tovuti hufurahi, ingawa mara nyingi maana yake ni kwamba msimbo wa kupimia umewekwa mara mbili, labda na fundi na programu-jalizi kwa pamoja. Kila ukurasa unahesabika kama kurasa mbili, na kwa kuwa kurasa mbili zinatosha kuifanya ziara iwe ya maana, hakuna tena anayeonekana kuondoka mapema. Dalili nyingine ni kundi la ziara kutoka mji usio na wateja, tuseme Ashburn katika jimbo la Virginia, lenye muda wa kukaa karibu na sifuri. Ashburn imejaa vituo vya kompyuta. GA4 huondoa roboti zinazojulikana, lakini si zote hujitambulisha.

Afrika Mashariki ina upofu wake: WhatsApp. Kiungo kikitumwa kwenye kundi na mtu akakibonyeza ndani ya programu hiyo, mara nyingi tovuti haiambiwi ametoka wapi, na ziara huandikwa chini ya Direct, pamoja na walioandika anwani kwa mkono. Kampuni inaweza kuamini kwamba jina lake limeanza kuvuma, kumbe ni kiungo kimoja kinachozunguka. Dawa ni kuongeza alama kwenye kiungo kabla ya kukituma:

```
https://example.com/lemosho?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=juni
```

Herufi `utm` ni masalia ya Urchin, ile kampuni iliyonunuliwa mwaka 2005. Alama hizo huandikwa kwa herufi ndogo kila mara, kwa sababu ripoti huhesabu `whatsapp` na `WhatsApp` kama vyanzo viwili. Na ziwekwe kwenye viungo vya kutoka nje pekee. Zikitumika kwenye viungo vya ndani ya tovuti hufuta chanzo cha kweli cha mgeni.

Ukurasa wa malipo ya simu nao unahitaji jicho. Mteja wa duka la mtandaoni huletewa ombi la kuweka namba ya siri kwenye simu yake, analipa, anapokea ujumbe wa M-Pesa na kuridhika. Ukurasa wa shukrani uliokuwa ukisubiri kwenye kivinjari huenda asiurudie kabisa. Pesa imeingia, ripoti haina habari. Duka la namna hiyo linapaswa kuhesabu mauzo kutoka upande wa seva, pale uthibitisho wa malipo unapopokelewa.

Kwa kampuni ya Moshi, ambayo wageni wake wengi wako Ulaya, pengo kubwa ni la ridhaa. Sheria za Ulaya zinataka mgeni aulizwe kabla ya kuwekewa alama ya kumtambua, na wanaokataa hutoweka kwenye hesabu, wote au kwa sehemu. Wanaotumia vizuizi vya matangazo hutoweka pia. Kivinjari cha Safari hufuta alama nyingi za aina hii baada ya siku 7, hivyo aliyesoma wiki iliyopita huonekana mgeni mpya. Ukubwa wa pengo unapimika: hesabu maombi yaliyofika kwenye barua pepe mwezi mzima, uyaweke karibu na ya ripoti. Barua pepe zikiwa 100 na ripoti ikasema 84, ripoti inaona kama tano kati ya sita, na mradi uwiano huo haubadiliki mwezi hadi mwezi, inafaa kulinganishia.

Hesabu hiyo ya barua pepe ina faida ya pili. GA4 inajua nani aliomba bei. Haijui nani alilipa na kupanda. Fomu inaweza kubeba kisanduku kilichofichwa kinachoandika ukurasa ambao ziara ilianzia, na taarifa hiyo ikafika ndani ya barua pepe pamoja na jina na tarehe ya safari. Miezi minne baadaye, mhasibu akiwa na orodha ya waliolipa, anaweza kuona katika yale maombi 6 ya makala ya vifaa walipanda wangapi, na katika yale 78 walipanda wangapi.